Kupinga Ada ya Kusitisha Mkataba wa Intaneti kabla ya Muda: Kumbukumbu, Hoja na Mfano wa Barua

Mteja aliyefunga mkataba wa intaneti wa miezi 12 au 24, kisha akauacha kabla haujaisha, kwa kawaida hupokea ankara ya ada ya kusitisha mkataba kabla ya muda. Ankara hiyo huja hata pale mteja alipoondoka kwa sababu huduma ilikuwa ikikatika kila wiki. Mfumo wa ankara wa kampuni husoma tarehe mbili tu, yaani tarehe ya mkataba kuanza na tarehe ya akaunti kufungwa. Sababu ya kufungwa kwa akaunti haimo katika hesabu hiyo, na mteja asipoiandika hakuna atakayeiandika kwa niaba yake.

Makala haya yanaeleza namna barua ya kupinga ada hiyo inavyojengwa kwa kuzingatia sheria za Tanzania, na yanaonesha barua yenyewe kwa mfano mmoja. Mfano huo ni wa kuelezea tu. Hauhusu kampuni wala mteja yeyote halisi.

Msingi wa ada na mahali unapoweza kupingwa

Ada ya kusitisha mkataba huwekwa kwa sababu inayoeleweka. Kampuni huvuta waya wa faiba hadi kwa mteja, humpatia ruta na kifaa cha kupokelea faiba, na mara nyingi humsamehe gharama za ufungaji kwa matumaini kwamba zitarudi kidogo kidogo katika malipo ya kila mwezi. Mteja akiondoka mapema bila sababu, kampuni hupoteza sehemu ya fedha hizo. Kwa hiyo ada ni fidia inayodaiwa kwa upande uliovunja ahadi.

Hapo ndipo swali la barua linapoanzia: ni upande upi uliovunja ahadi kwanza? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinazitaka pande zote mbili kutekeleza ahadi zao. Ahadi ya mteja ni kulipa kwa muda waliokubaliana, na ahadi ya mtoa huduma ni kuleta intaneti kwa kiwango kilichoandikwa. Ikiwa ahadi ya pili haikutekelezwa, na mkataba wenyewe unampa mteja haki ya kujitoa kwa sababu hiyo, kampuni haina fidia ya kudai.

Hoja ya pili inahusu kiasi. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa iwapo utavunjwa, upande unaolalamika unastahili fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kiasi kilichotajwa ni kikomo cha juu, wala si lazima kilipwe chote. Hata mteja anayeonekana kuwa na kosa anaweza kuuliza kampuni imepoteza nini hasa.

Hoja hizi mbili hazina uzito sawa, na barua nzuri huziweka kwa mpangilio. Ya kwanza, kwamba hakuna ada inayodaiwa, ndiyo hoja kuu. Ya pili, kwamba kiasi kimezidi hasara, huwekwa kama hoja ya akiba, kwa maneno yanayoonesha wazi kwamba mteja hajaiacha ya kwanza.

Mfano: duka la stesheneri mjini Mbeya

Mama mmoja ana duka la stesheneri mjini Mbeya. Huchapa nyaraka, hutuma maombi ya wanafunzi na huwasaidia wateja kujaza fomu za huduma za Serikali kwa njia ya mtandao. Tarehe 1 Februari, 2024 alianza mkataba wa faiba wa miezi 24 kwa Sh. 70,000 kwa mwezi. Gharama za ufungaji, Sh. 240,000, alisamehewa.

Vifungu vinne vya mkataba wake vina uzito katika mgogoro huu. Kifungu cha 6 kinaahidi kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99 ya muda katika kila mwezi. Kifungu cha 9 kinaruhusu upande wowote kusitisha mkataba ikiwa upande mwingine umekiuka sharti lake, umepewa taarifa ya maandishi ya siku 14 na haujarekebisha. Kifungu cha 12 kinasema mteja anayeamua kuondoka mapema atalipa ada za miezi yote iliyobaki. Kifungu cha 14 kinaiondolea kampuni lawama kwa matukio yaliyo nje ya uwezo wake.

Kwa mwaka mzima huduma ilikuwa nzuri. Kuanzia Februari 2025 ilianza kukatika, na hali ikazidi kuwa mbaya hadi Aprili. Mteja alitoa taarifa, akasubiri, akasitisha mkataba tarehe 30 Aprili, 2025, na tarehe 9 Mei alipokea ankara ya Sh. 630,000, yaani miezi 9 iliyobaki mara Sh. 70,000. Kwa duka kama hilo, kiasi hicho ni sawa na ada za intaneti za miezi tisa kwa huduma ambayo halitaipata.

Kumbukumbu za kukatika kwa huduma

Kampuni ina kumbukumbu zake za mtandao. Mteja asiye na za kwake atalazimika kukubali za kampuni. Daftari la kawaida linatosha, mradi kila tukio liandikwe siku ile ile: tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurejea, taa zilizokuwa zikiwaka kwenye kifaa cha faiba, na namba ya taarifa iliyotolewa na kituo cha huduma kwa wateja. Namba hiyo ni muhimu kuliko vyote, kwa kuwa inaunganisha daftari la mteja na mfumo wa kampuni.

Saa zinahitaji uangalifu wa pekee. Mteja huandika saa 3:20 asubuhi, ilhali mfumo wa kampuni huandika 09:20. Mtu wa ofisini anayelinganisha maandishi hayo mawili anaweza kudhani ni matukio tofauti, au kwamba mteja alilalamika saa sita kabla ya hitilafu kutokea. Njia salama ni kuandika saa zote kwa mfumo wa saa 24 tangu mwanzo, au kuandika kwa mifumo yote miwili.

Taa za kifaa cha faiba hueleza hitilafu iko upande gani. Taa yenye maandishi LOS ikiwa nyekundu, kifaa hakipokei mwanga kutoka kwenye waya wa faiba. Waya umekatika, umepinda mno au umechomoka mahali fulani. Taa yenye maandishi PON ikitulia kwa rangi ya kijani, kifaa kimeungana na mitambo ya kampuni. Hata hivyo intaneti inaweza kukosekana taa hiyo ikiwa imetulia, na hapo tatizo huwa mbele zaidi katika mtandao wa kampuni, au ndani ya duka lenyewe. Kutofautisha hali hizo mbili, kompyuta huunganishwa na ruta kwa waya na amri mbili huandikwa:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Anwani ya kwanza ni ya ruta. Ruta nyingi hutumia hiyo au inayofanana nayo, na anwani sahihi huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa. Anwani ya pili iko nje, kwenye intaneti. Ruta ikijibu na ile ya nje isijibu, mtandao wa ndani ya duka ni mzima na kasoro iko kwenye ruta yenyewe au kwa mtoa huduma. Ruta yenyewe isipojibu, mteja akague kwanza waya na vifaa vyake. Picha ya skrini ya majibu hayo, yenye saa, ni ushahidi mzuri. Jaribio hili pia humkinga mteja dhidi ya jibu lililozoeleka kwamba waifai yake ndiyo dhaifu.

Jambo la mwisho ni kuondoa saa zisizostahili kuhesabiwa. Daftari la mteja wa Mbeya lilikuwa na saa 168 za kukosa intaneti katika miezi mitatu. Kati ya hizo, saa 18 zilikuwa za kukatika kwa umeme dukani kwake, muda ambao ruta ilikuwa imezima. Aliziondoa mwenyewe, zikabaki saa 150. Vilevile hakuingiza tatizo la Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 ya mwezi huo na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Tukio la namna hiyo ndilo linalokusudiwa na kifungu cha 14 cha mkataba wake. Kuliingiza kungeipa kampuni jambo rahisi la kukanusha, na hoja zake nyingine zote zingetiliwa shaka.

Hesabu ya upatikanaji wa huduma

Asilimia ya upatikanaji hupatikana kwa kuchukua saa zote za mwezi, kutoa saa zilizokatika, na kugawanya kwa saa zote za mwezi. Mwezi wa siku 28 una saa 672, wa siku 30 una saa 720 na wa siku 31 una saa 744. Kwa mteja huyu, Februari 2025 ilikuwa na matukio 4 na saa 31 za kukatika, sawa na upatikanaji wa asilimia 95.4. Machi ilikuwa na matukio 6 na saa 52, sawa na asilimia 93.0. Aprili ilikuwa na matukio 7 na saa 67, sawa na asilimia 90.7.

Asilimia 99 iliyoahidiwa inaruhusu saa 7.2 tu za kukatika katika mwezi wa siku 30. Kwa miezi mitatu yote, saa zinazoruhusiwa ni kama 21. Zilizokatika ni 150, yaani mara saba ya kiwango.

Msomaji asiyezoea takwimu hizi anaweza kuona asilimia 93 kuwa ni alama nzuri, na kampuni inaweza kuitumia hivyo. Ndiyo maana inafaa kuonesha saa zilikatika wakati gani. Kati ya saa 150, saa 96 zilitokea wakati duka limefunguliwa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Miezi hiyo mitatu ilikuwa na saa 760 za namna hiyo, hata bila kuondoa sikukuu. Kwa maneno mengine, katika kila saa nane za kazi, saa moja ilipita bila intaneti.

Taarifa ya kwanza na kauli ya kusitisha

Wateja wengi hupoteza haki yao kabla hata ya kupokea ankara. Wengine huacha tu kulipa, na kampuni hufunga akaunti kwa deni. Wengine hupiga simu na kusema wanaomba kusitisha huduma. Kauli hiyo, ikiingizwa katika mfumo, husomeka kama uamuzi wa mteja kuondoka kwa hiari, na kifungu cha ada huanza kufanya kazi.

Tofauti ipo kati ya kutumia kifungu cha kuondoka mapema na kutumia kifungu cha ukiukaji. Mteja wa Mbeya aliandika taarifa ya maandishi na kuiwasilisha tarehe 2 Aprili, 2025, akitaja kifungu cha 9 na kuipa kampuni siku 14 za kurekebisha. Nakala yake iligongwa mhuri wa kupokelewa. Siku hizo ziliisha tarehe 16 Aprili. Kuanzia hapo hadi mwisho wa mwezi huduma ilikatika tena kwa saa 38. Tarehe 29 Aprili aliwasilisha barua ya kusitisha mkataba kuanzia tarehe 30, akaandika kwamba anasitisha kwa mujibu wa kifungu cha 9. Tarehe 2 Mei alirejesha ruta na kifaa cha faiba na kupewa hati ya mapokezi yenye namba za vifaa hivyo.

Mpangilio huo ni muhimu kwa sababu Sheria ya Mikataba peke yake haimpi mteja njia nyepesi. Kifungu cha 39 kinamruhusu mtu kuumaliza mkataba pale upande wa pili unapokataa kutekeleza ahadi yake yote au kujiweka katika hali ya kutoweza kuitekeleza yote. Huduma iliyopatikana kwa asilimia 93 ni vigumu kusemwa kuwa imeshindikana yote. Mteja anayetegemea kifungu hicho pekee anaweza kubishiwa, lakini anayetegemea sharti la ukiukaji lililomo ndani ya mkataba, baada ya kutoa taarifa na muda kupita, anasimama mahali imara zaidi.

Mkataba usio na kiwango cha upatikanaji hauondoi haki ya kulalamika, ila kazi ya mteja huwa kubwa zaidi. Hapo hueleza huduma ilivyokuwa katika miezi ya mwanzo na ilivyobadilika, huonesha idadi ya taarifa alizotoa, na hutaja maelezo ya kifurushi yaliyotolewa wakati wa mauzo. Katika hali hiyo hoja ya akiba kuhusu kiasi hupata uzito mkubwa.

Barua yenyewe

Barua haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja au miwili unatosha, na viambatisho vibebe ushahidi. Barua ya mteja wa mfano huu inasomeka hivi:

Mbeya,
14 Mei, 2025

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
(Jina na anwani ya mtoa huduma)

YAH: KUPINGA ANKARA YA SH. 630,000 YA KUSITISHA MKATABA KABLA YA MUDA – AKAUNTI NA. (namba)

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea ankara yako ya tarehe 9 Mei, 2025 inayodai Sh. 630,000 kwa mujibu wa kifungu cha 12 cha mkataba wetu ulioanza tarehe 1 Februari, 2024. Napinga deni hilo lote kwa sababu zifuatazo.

2. Kifungu cha 6 cha mkataba kinaahidi huduma kwa asilimia 99 ya muda wa kila mwezi. Mwaka huu huduma ilipatikana kwa asilimia 95.4 mwezi Februari, 93.0 mwezi Machi na 90.7 mwezi Aprili. Jumla ya saa zilizokatika ni 150 katika matukio 17. Orodha ya matukio, saa zake na namba za taarifa zilizotolewa na kituo chako ni kiambatisho A. Muda ambao umeme ulikatika dukani kwangu haumo katika hesabu hii.

3. Tarehe 2 Aprili, 2025 niliwasilisha taarifa ya ukiukaji kwa mujibu wa kifungu cha 9 (kiambatisho B). Siku 14 ziliisha tarehe 16 Aprili bila tatizo kurekebishwa. Kuanzia siku hiyo hadi tarehe 30 Aprili huduma ilikatika kwa saa nyingine 38.

4. Kwa sababu hiyo nilisitisha mkataba kwa kifungu cha 9 kuanzia tarehe 30 Aprili, 2025 (kiambatisho C). Sikutumia haki ya kuondoka mapema iliyo katika kifungu cha 12, na kwa hiyo ada ya kifungu hicho hainihusu. Malipo ya kila mwezi nimelipa hadi tarehe ya kusitisha, na vifaa vyote nilirejesha tarehe 2 Mei (viambatisho D na E).

5. Bila kuathiri hoja zilizotangulia, kiasi kinachodaiwa hakilingani na hasara yoyote. Gharama za ufungaji nilizosamehewa ni Sh. 240,000 kwa miezi 24, sawa na Sh. 10,000 kwa mwezi. Kwa miezi 9 iliyobaki, sehemu ambayo haijarudi ni Sh. 90,000. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinatoa fidia ya kuridhisha, na kiasi kilichotajwa katika mkataba ni kikomo chake cha juu. Ikiwa unashikilia kwamba hasara ni kubwa zaidi, naomba mchanganuo wake kwa maandishi.

6. Naomba mambo matatu: ankara hiyo ifutwe, nipewe barua inayothibitisha kwamba akaunti yangu imefungwa bila deni, na hatua zozote za ukusanyaji wa deni zisimamishwe wakati shauri hili likishughulikiwa. Naomba pia kumbukumbu zako za hitilafu za laini yangu kwa miezi ya Februari hadi Aprili, 2025.

7. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokelewa kwa barua hii. Nisiporidhika na jibu, nitawasilisha malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wako,
(Sahihi, jina na namba ya simu)

Aya ya 5 ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Maneno «bila kuathiri hoja zilizotangulia» huzuia Sh. 90,000 kuchukuliwa kuwa ni ahadi ya kulipa. Mteja anaonesha tu namna hesabu ya haki ingefanyika kama angekuwa na kosa. Akiandika kwamba yuko tayari kulipa Sh. 90,000, mazungumzo yataanzia hapo na hoja kuu itakuwa imekwisha.

Barua haidai hasara ya biashara. Mteja angeweza kutaja wateja waliogeuzwa mlangoni, lakini mikataba mingi ya intaneti huzuia madai ya namna hiyo, na kuyathibitisha kunahitaji hesabu za mauzo. Kuyachanganya na suala la ada kungeipa kampuni nafasi ya kujibu lile lililo rahisi kukataa na kuliacha lile gumu.

Majibu yanayotarajiwa

Jibu la kwanza ambalo kampuni huweza kutoa ni kumrejeshea mteja fedha za saa zilizokatika. Kwa mfano huu, saa 150 zikikokotolewa kwa uwiano wa malipo ya kila mwezi zinafikia takriban Sh. 14,600 tu. Fedha hizo ni stahili ya saa ambazo huduma haikuwapo. Hazijibu swali la nani alikiuka mkataba wala hazihalalishi ada. Mteja anaweza kuzipokea, mradi asisaini waraka unaosema amepokea malipo hayo kumaliza madai yote. Ikiwa mkataba una sharti kwamba marejesho hayo ndiyo nafuu pekee ya mteja, sharti hilo lisomwe neno kwa neno. Mara nyingi linahusu fidia ya saa zilizokatika na halitaji haki ya kusitisha.

Jibu la pili ni kwamba hitilafu zilitokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wa kampuni, kama vile waya kukatwa na wajenzi wa barabara. Tukio moja la namna hiyo linaweza kukubalika. Matukio 17 katika miezi mitatu kwenye laini moja yanahitaji maelezo ya tukio kwa tukio, na ndiyo sababu barua iliomba kumbukumbu za hitilafu.

Jibu la tatu ni gumu zaidi. Kampuni inaweza kusema kwamba ada si fidia ya kuvunja mkataba, ni bei ambayo mteja alikubali kulipa ili awe huru kuondoka mapema. Mkataba ukiwa umeandikwa hivyo, hoja ya kifungu cha 74 hudhoofika. Hoja ya aya ya 4 haiguswi, kwa kuwa mteja hakununua uhuru wa kuondoka; alitumia haki aliyopewa na kifungu kingine. Hapo ndipo maneno ya barua ya kusitisha yanapoamua shauri.

Baada ya barua kupokelewa

Barua iwasilishwe kwa njia inayoacha alama. Mteja anaweza kuipeleka ofisini na kugongewa mhuri kwenye nakala, kuituma kwa rejesta kupitia Shirika la Posta, au kuituma kwa barua pepe rasmi ya huduma kwa wateja na kuomba namba ya malalamiko. Ujumbe uliotumwa kwa wakala wa mauzo au fundi unaweza kubishiwa kwamba haukufika kwa kampuni. Ikiwa mteja ameruhusu malipo kukatwa moja kwa moja benki au kwenye simu, aondoe ruhusa hiyo ili ada isikatwe shauri likiendelea.

Mtoa huduma asipojibu, au jibu lake lisipomridhisha mteja, hatua inayofuata ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo husimamia watoa huduma chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake, zikiwamo za kumlinda mtumiaji na za ubora wa huduma za mwaka 2018. Utaratibu unamtaka mteja aanze kwa mtoa huduma, hivyo nakala ya barua yenye mhuri ndiyo kiambatisho cha kwanza cha malalamiko. Malalamiko hupokelewa pia katika ofisi za kanda; kwa mteja wa Mbeya, ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko mjini humo. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano huwatetea na kuwaelimisha watumiaji, ila si chombo cha kutoa hukumu. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Shauri likimalizwa kwa makubaliano, maelewano ya simu hayatoshi. Mteja anapaswa kupata barua inayotaja namba ya akaunti, tarehe mkataba ulipokoma na salio la deni kuwa sifuri. Barua hiyo itunzwe pamoja na hati ya kurejesha vifaa, kwa kuwa deni lililofutwa kwa mdomo linaweza kubaki kwenye mfumo na kudaiwa upya na ofisa mwingine asiyeyajua makubaliano hayo.